BARUA YA IDHINI KWA MHASIBU KUSHUGHULIKIA MASUALA YANGU YA KODI, PAMOJA NA MIPAKA YA IDHINI HIYO

Mwamvita Shabani Kalunga,
Mfanyabiashara wa mawese na dagaa,
Soko la Mwanga,
Manispaa ya Kigoma Ujiji.

10 Machi 2025

Meneja wa Mkoa,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Ofisi ya Mkoa wa Kigoma,
KIGOMA.

Ndugu Meneja,

YAH: IDHINI YA BW. GERVAS YOHANA BITUNGWA KUNIWAKILISHA KATIKA OFISI YAKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

2. Mimi ni mlipakodi niliyesajiliwa katika ofisi yako kama mtu binafsi, na namba yangu ya utambulisho wa mlipakodi ni ile inayosomeka kwenye kivuli cha cheti nilichoambatanisha. Ninanunua mawese kutoka kwa wakamuaji wa vijijini na dagaa wakavu kutoka mwalo wa Kibirizi, kisha ninauza kwa jumla na rejareja hapa Mwanga. Mauzo yangu ya mwaka 2024 yamevuka shilingi milioni 100, kwa hiyo nimetoka kwenye utaratibu wa kodi ya makadirio wa wafanyabiashara wadogo na ninawajibika kuwasilisha ritani yenye hesabu kamili za biashara, kazi inayohitaji mhasibu. Aidha, kazi yangu hunivusha ziwa mara kwa mara kwenda Kalemie na Bujumbura, na ninapokuwa huko siwezi kufika ofisini kwako kwa wakati unaotakiwa.

3. Kwa sababu hizo, ninamteua Bw. Gervas Yohana Bitungwa, mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na ambaye pia ana usajili wa mshauri wa kodi, anishughulikie mambo ya kodi kwa kadiri ilivyoelezwa katika barua hii na si zaidi. Vivuli vya vyeti vyake vyote viwili na kitambulisho chake cha Taifa vimeambatanishwa, na ninaomba afisa atakayempokea kwa mara ya kwanza alinganishe sura yake na kitambulisho halisi kabla ya kumpa taarifa yoyote inayonihusu.

4. Idhini hii inahusu kodi ya mapato ya biashara yangu kwa mwaka wa mapato 2024, awamu nne za kodi ya mwaka 2025 zinazoishia tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, pamoja na kodi ya zuio kwenye pango la duka na kodi ya mishahara ya wafanyakazi wangu kwa kipindi hicho hicho. Haihusu ushuru wa forodha. Mizigo yangu inayopita bandari ya Kigoma ina wakala wake wa forodha mwenye idhini yake, na nisingependa kazi za watu hawa wawili zichanganywe katika jalada moja.

5. Ndani ya mipaka hiyo, Bw. Bitungwa anaweza kuuliza na kupewa taarifa ya hesabu yangu ya kodi, ikiwamo madeni, malipo yaliyopokelewa na adhabu kama zipo. Kuwasilisha ritani na viambatanisho vyake baada ya mimi kuzisoma na kuzisaini. Kuomba kwa maandishi muda wa nyongeza wa kuwasilisha ritani kabla muda wa kisheria haujapita. Kuomba namba ya kumbukumbu ya malipo. Kuhudhuria kikao chochote cha ukaguzi. Na kueleza namna hesabu zilivyoandaliwa, yaani ni stakabadhi ipi imeingia wapi, na kwa nini gharama fulani imekubaliwa au imeachwa. Katika hili la mwisho ninampa uhuru kamili wa kusema, kwa kuwa vitabu anavijua kuliko mimi, na ninaamini maelezo yaliyonyooka mapema humpunguzia kazi afisa na mlipakodi pia.

6. Kuhusu fedha, msimamo wangu ni kwamba Bw. Bitungwa hatashika shilingi yoyote ya kodi yangu, iwe taslimu, iwe kwa simu, iwe kupitia akaunti yake ya benki. Atakapopata namba ya kumbukumbu ya malipo atanitumia, nami nitaangalia jina linalotokea, aina ya kodi, kipindi na kiasi, na vikilingana na ritani niliyoisaini nitalipa mwenyewe benki au kwa simu, kisha nitampa nakala ya stakabadhi aiweke kwenye jalada. Nimeona sokoni mtu akimwachia mwingine fedha za kodi kwa nia njema kabisa, na miezi ikapita deni likiwa bado linasomeka na riba juu yake. Kwa hiyo, endapo mtu yeyote atadai kwamba alimkabidhi mwakilishi wangu fedha ya kodi kwa niaba yangu, dai hilo lisichukuliwe kuwa malipo. Malipo yangu ni yale tu yaliyoingia kwenye mfumo kwa namba ya kumbukumbu. Vivyo hivyo, marejesho yoyote ya kodi iliyolipwa zaidi yaingie kwenye akaunti yangu ya benki iliyo kwenye kumbukumbu zenu, na mwakilishi hana mamlaka ya kuyapokea wala kuelekeza yapelekwe kwingine.

7. Bw. Bitungwa haruhusiwi kukiri deni, kukubali kiasi cha kodi kilichokadiriwa, kusaini makubaliano ya kulipa kwa awamu, wala kuondoa pingamizi kwa niaba yangu. Maneno atakayoyasema kikaoni kufafanua vitabu yasihesabiwe kuwa ni ukiri wangu, isipokuwa yamewekwa kwenye maandishi na mimi nimeyasaini. Ninaliwekea hili uzito kwa sababu ya namna sheria ya usimamizi wa kodi ilivyo: pingamizi dhidi ya makadirio linapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu mlipakodi alipopokea notisi, na ili lipokelewe hutakiwa kulipwa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa biashara kama yangu, theluthi hiyo inaweza kuwa ndiyo mtaji wa shehena nzima ya mawese, na uamuzi wa kuitoa au kuacha kubishana ni wangu. Mwakilishi anaweza kuandaa rasimu ya pingamizi na kunishauri. Kuliwasilisha kunahitaji saini yangu.

8. Kwa sababu hiyo hiyo ya siku 30, ninaomba kila notisi ya makadirio, barua ya madai na taarifa ya ukaguzi ipelekwe kwangu mimi, dukani au kwa barua pepe iliyo kwenye usajili wangu, na mwakilishi apewe nakala. Ikitokea sipo Kigoma, mdogo wangu Bw. Issa Shabani Kalunga, anayesimamia duka, ana ruhusa ya kusaini daftari la kupokea barua, ingawa hana ruhusa ya kuijibu wala kuijadili.

9. Bw. Bitungwa hawezi kubadilisha taarifa zozote za usajili wangu, ikiwa ni pamoja na namba ya simu, barua pepe, akaunti ya benki, anuani ya biashara na aina ya biashara. Hawezi kuomba nisajiliwe kwenye kodi ya ongezeko la thamani wala kuomba nifutwe kwenye usajili wowote. Na hawezi kumteua mtu mwingine afanye kazi hii badala yake, hata kama ni karani wa ofisini kwake ambaye ametumwa tu kuulizia. Mtu yeyote atakayefika akijitambulisha kuwa ametumwa naye asipewe taarifa.

10. Nywila ya akaunti yangu ya mtandao inabaki kwangu, na namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yangu sitampa mtu. Ritani zitakazowasilishwa kwa njia ya mtandao nitaziwasilisha mwenyewe nikiwa nimekaa naye, au nikiwa safarini kwa kuingia kwenye akaunti mwenyewe baada ya yeye kunitumia hesabu zilizokamilika. Mashine ya EFD haitoki dukani. Iwapo maafisa watataka kuikagua, waikague palepale, na ripoti za Z za kila siku za mwaka 2024, ambazo zimebanwa kwa mwezi katika mafaili 12, zitaonyeshwa dukani au zitaletwa ofisini kwako kwa hati ya makabidhiano yenye saini za pande zote mbili. Ripoti hizo, kama stakabadhi zote za joto, zinafifia zikikaa juani, kwa hiyo tumetoa kivuli cha kila moja, na ninaomba asilia zirudishwe mara ukaguzi ukiisha, kwa kuwa ninawajibika kuzitunza kwa miaka mitano.

11. Barua hii haihusu mashauri mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi wala Baraza la Rufani za Kodi. Mambo yakifika huko nitamteua mwakilishi kwa hati nyingine.

12. Idhini inaanza leo na itakoma tarehe 31 Desemba 2025 bila kuhitaji barua nyingine. Itakoma kabla ya hapo ikiwa nitaifuta kwa maandishi, ikiwa Bw. Bitungwa atajitoa kwa maandishi, au ikiwa usajili wake wa kitaaluma utasitishwa. Barua ya kuifuta itaanza kufanya kazi siku itakapogongwa muhuri wa kupokelewa ofisini kwako. Yale aliyoyafanya kihalali kabla ya siku hiyo yatabaki kuwa halali.

13. Ninatambua kwamba kumteua mwakilishi hakunivui wajibu wangu. Usahihi wa ritani, kulipa kwa wakati, na adhabu ikitokea nimechelewa, vyote vinabaki juu yangu. Malipo ya kazi ya Bw. Bitungwa tumekubaliana kwa kiwango kisichobadilika, bila asilimia yoyote ya kodi itakayopungua, ili asiwe na sababu ya kuvuta hesabu upande wowote.

14. Ikiwa afisa wako ataona jambo analoombwa na mwakilishi wangu halimo wazi katika barua hii, ninaomba alichukulie kuwa halijaruhusiwa, na anipigie kupitia namba iliyo kwenye usajili wangu kabla ya kuendelea. Nikiwa ng'ambo ya ziwa na simu haipatikani, ninaomba asubiri jibu langu la maandishi.

Wako mtiifu,

(Saini)
Mwamvita Shabani Kalunga
MLIPAKODI

UKUBALI WA MWAKILISHI

Mimi, Gervas Yohana Bitungwa, nimeisoma barua hii yote, nimeielewa, na ninakubali kufanya kazi ndani ya mipaka yake. Sitapokea fedha ya kodi ya Bi. Mwamvita, sitakiri deni kwa niaba yake, na taarifa nitakazozipata nitazitumia kwa kazi hii peke yake. Idhini itakapokoma nitamrudishia nyaraka zake zote ndani ya siku saba.

(Saini)
Gervas Yohana Bitungwa
10 Machi 2025

Imesainiwa na wote wawili mbele yangu, hapa Kigoma, leo tarehe 10 Machi 2025, baada ya kila mmoja kujitambulisha kwa kitambulisho cha Taifa.

(Saini na muhuri)
Pendo Samweli Rukonge
WAKILI NA KAMISHNA WA VIAPO

Viambatanisho: kivuli cha cheti cha utambulisho wa mlipakodi, kivuli cha leseni ya biashara, vivuli vya vitambulisho vya Taifa vya mlipakodi, mwakilishi na Bw. Issa Shabani Kalunga. Vivuli vya vyeti viwili vya usajili wa mwakilishi.

Nakala: Bw. Gervas Yohana Bitungwa; Bw. Issa Shabani Kalunga, kwa ajili ya jalada la dukani.