Kuku ataingia motoni, kachumbari haiingii

Marahaba, wanangu. Kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, maana leo kuna jambo la kuona kwa macho, na ukibaki kule dirishani litakupita.

Hapa kwenye sinki nina paja la kuku wa kisasa. Nimelipaka rangi nyekundu ya chakula, ile tunayotia kwenye ubuyu. Kuzunguka sinki nimetandaza karatasi nyeupe, na pale pembeni, mahali ambapo wengi wetu huweka kibao cha kukatia mboga, nimeweka sahani tupu iliyofunikwa kwa karatasi. Tuseme hiyo ndiyo kachumbari. Sasa nafungua bomba kama linavyofunguliwa nyumbani, siongezi wala sipunguzi. Naligeuza paja, nasugua chini ya ngozi, naligeuza tena. Nusu dakika hivi. Nafunga.

Njooni, pole pole, msisukumane. Angalieni karatasi. Wewe mwenye rula, pima lile doa la mbali kuliko yote. Ngapi? Sentimita 56. Haya, na kwenye sahani ya kachumbari? Matano, na mawili kati yake makubwa kama punje ya mtama. Angalieni na mkono wa gauni langu, hapa. Na mpini wa bomba, pale niliposhika kulifunga.

Leo mmeyaona kwa sababu nimetia rangi. Jumapili nyumbani matone ni hayo hayo, yanaruka hivyo hivyo, ila hayana rangi, yana vijidudu vya kuku mbichi, na kachumbari inakwenda mezani.

Najua mlivyofundishwa. Kuku anaoshwa mara tatu, maji ya kwanza, ya pili, ya mwisho yenye limau na chumvi, mpaka maji yatoke meupe. Mimi pia nililelewa hivyo, na mtu asiyeosha kuku tulimwita mchafu. Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akamwambie bibi yake kwamba hajui kupika. Bibi alikuwa na sababu. Yeye alikuwa anamchinja kuku mwenyewe uani, anamtia maji ya moto, anamnyonyoa, anamtoa utumbo kwa mkono. Kuku wa namna hiyo ana damu, ana vinyoya, pengine nyongo imepasuka au kinyesi kimegusa nyama. Huyo lazima asafishwe, hakuna ubishi. Na bibi alimsafishia nje, kwenye beseni, mbali na chungu na mboga.

Sisi tumekwenda dukani au sokoni tukanunua kuku aliyekwisha nyonyolewa, amekwisha tolewa utumbo, amekwisha safishwa machinjioni. Kisha tukachukua kazi ya uani tukaihamishia jikoni, kwenye sinki, karibu na vyombo safi na nyanya zilizokatwa. Shida imeanzia hapo.

Sasa tuwajue hao vijidudu wenyewe, yaani bakteria. Wawili ndio wanaotusumbua zaidi kwenye kuku: kampilobakta na salmonela. Wanaishi ndani ya utumbo wa kuku, na mara nyingi kuku mwenyewe haumwi chochote, ni mzima, anadonoa tu. Akichinjwa na kutolewa utumbo, baadhi yao hupakaa kwenye ngozi na nyama. Huwezi kuwaona, na hawana harufu.

Itazameni ngozi hii kwa karibu. Mnaona vitundu pale manyoya yalipokuwa? Na mikunjo hii ya kwenye paja? Bakteria hujishika humo. Maji yanapita juu, wachache wanang'oka, wengi wanabaki. Na wale waliong'oka hawajafa. Maji ya bomba hayaui. Wamehama tu: wengine wako kwenye sinki, wengine kwenye sponji ya vyombo, wengine kwenye mkono wangu, wengine kwenye sahani ile. Mwanzo mlikuwa na kuku mmoja mwenye vijidudu, sasa mna jiko zima.

Ngozi ya kuku pia ni laini. Maji yakiipiga kutoka juu, inabonyea kidogo, kile kibonyeo kinayarusha maji kwa nguvu zaidi. Mwaka 2022 watafiti walilipima jambo hilo, wakaona kwamba bomba likiwa juu zaidi ndivyo matone yanavyozidi kuruka, na yanabeba bakteria hai. Na kwa kampilobakta, bakteria mia chache tu zinaweza kumwangusha mtu. Tone moja kwenye kipande cha nyanya linatosha.

Nitawaambia lililonifika. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Tulikuwa na wageni, nikapika pilau na kuku wa kuchoma, na kachumbari. Kuku nilimwosha vizuri sana, kwa limau, nikijivunia usafi wangu. Kachumbari ilikuwa kwenye bakuli kando ya sinki, haikufunikwa. Kuku aliiva mpaka nyama inaachana na mfupa. Siku tatu baadaye mtoto akaanza kuhara, homa ikapanda, choo kikawa na damu. Na wageni wawili wakapiga simu, wao vilevile. Niliwaza maji, niliwaza maembe, nikamlaumu hata muuza juisi. Choo hakikupimwa maabara, kwa hiyo siwezi kuapa ilikuwa nini. Lakini ninalolijua ni hili: mume wangu hali vitunguu vibichi, hakugusa kachumbari, na alikula kuku kutushinda wote. Hakuumwa hata kichwa.

Kumbukeni hizo siku tatu. Kampilobakta huchukua kama siku mbili mpaka tano kabla ya kuonyesha dalili, ndiyo maana watu hawaunganishi ugonjwa wa Jumatano na chakula cha Jumapili. Tunalaumu kilicholiwa jana. Wengi hupona wenyewe kwa wiki hivi, lakini mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake imepungua anaweza kuzidiwa. Na kwa wachache sana, baada ya kupona, kinga ya mwili hugeuka ikashambulia mishipa ya fahamu, miguu ikakosa nguvu kwa wiki au miezi. Si jambo la kila siku, ila lipo.

Naona mkono. Unasema, "Mwalimu, lakini sinki si tunaliosha?" Swali zuri. Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti. Waliwaita watu 300 wapike kuku na kutengeneza saladi kwenye majiko ya majaribio, na kuku walikuwa wametiwa bakteria wasio na madhara ili waweze kufuatiliwa wanakokwenda. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 sinki zao zilikutwa na bakteria hao. Asilimia 14 walibaki nao kwenye sinki hata baada ya kulisafisha. Na asilimia 26 waliwafikisha kwenye saladi.

Kuna tarakimu nyingine kwenye utafiti huo, na nisiwafiche. Katika wale ambao hawakuosha kuku kabisa, asilimia 31 nao walipeleka bakteria kwenye saladi. Kwa nini? Mikono. Walimshika kuku, hawakunawa vizuri, wakashika majani ya saladi. Kwa hiyo mtu asije akajisifu, "Mimi sioshi kuku, niko salama." Kutoosha kunafunga mlango mmoja. Mikono ni mlango wa pili, na huo mnafungua wenyewe.

Limau na siki, sasa. Ladha yake naipenda, na leo tutatia limau. Lakini kumkamulia kuku limau dakika tano hakuui bakteria waliojificha kwenye vitundu vya ngozi, wala chumvi haiui. Kamulia kwenye bakuli la viungo, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, paka, funika, weka kwenye friji. Limau lako utalipata bila kumwaga maji hata tone.

Na yale maji mekundu chini ya mfuko wa kuku? Wengi huosha kwa ajili yake, wanasema ni damu. Kuku aliyechinjwa sawasawa damu yake imetoka karibu yote. Huo ni unyevu wa nyama, maji yaliyochanganyika na protini ya misuli. Yafute kwa karatasi ya jikoni, tupa karatasi, nawa. Ukikuta kinyoya, king'oe kwa vidole. Ukikuta bonge la damu au kipande cha figo karibu na uti wa mgongo, kitoe kwa kisu, futa.

Nyumbani kwako bomba liko uani na unatumia beseni? Beseni halirushi kama bomba, lakini maji yake ni supu ya vijidudu, na lile jagi la kuchotea umelishika kwa mkono uliotoka kwenye kuku, kisha mwingine anachotea maji ya kunywa. Nimeona pia beseni la kuku likisuuzwa mara moja tu, halafu likaoshewa mchicha. Kama kuku amechinjwa nyumbani na lazima asafishwe, basi awe na beseni lake, nje, azamishwe taratibu bila kumwagiwa maji kutoka juu, na maji yamwagwe mbali na kisima na watoto. Beseni lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha lipitishwe maji yenye dawa ya klorini.

Kinachowaua bakteria hawa ni moto. Nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa wa paja, ikifika nyuzi joto 74, salmonela na kampilobakta wamekwisha. Hapa shuleni tuna kipimajoto, na leo kila kundi litakitumia. Nyumbani, ambako wengi hamna, chomeni kisu kwenye sehemu nene: maji yatoke meupe, nyama isiwe na wekundu karibu na mfupa. Kwa macho unaweza kukosea, kwa hiyo ukiwa na shaka mrudishe motoni. Kuku wa kienyeji anayechemka saa nzima hanitii wasiwasi. Ninayemwogopa ni wa kuchoma, ambaye nje ameshika rangi nzuri na ndani bado mbichi.

Haya, fungeni aproni, za mikono mirefu kunjeni. Leo tunaanza na kachumbari, kuku yuko kwenye friji na hatatoka mpaka niseme. Kundi la kwanza nyanya na matango, la pili vitunguu na pilipili, kibao ni cha kijani. Mkimaliza funikeni, wekeni kwenye meza ile ya mlangoni. Kisha kibao chekundu, kisu kingine, kuku moja kwa moja kutoka mfukoni mpaka kwenye bakuli la viungo. Sinki halihusiki. Ukimaliza kumshika, usiguse bomba kwa kiganja, lifungue kwa kiwiko, nawa kwa sabuni sekunde 20, mpaka kwenye kucha. Mimi nafuta hili sinki sasa hivi kwa sabuni kisha dawa, na sahani ile naiosha upya. Nyanya ziko kwenye kapu pale.