Hotuba kwa Kamati ya Kijiji, Mutuini: Kisima Kirefu au Chemchemi ya Bondeni

Bwana Mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wa nyumba kumi, wanakamati wenzangu, hamjambo.

Mmenituma mimi na vijana wawili tuangalie mambo mawili: tuchimbe kisima kirefu hapa juu karibu na uwanja, au tuijenge ile chemchemi ya bondeni. Nimekuwa fundi wa mabomba miaka mingi, na nakiri nilikwenda nikiwa tayari na jibu. Nilitaka kisima. Leo sina uhakika huo tena.

Nianze na kisima, maana najua ndicho wengi wenu mmekipenda. Uzuri wake ni kwamba maji yatakuwa karibu na nyumba, na hakuna mama atakayepanda mlima na mtungi mgongoni. Lakini kwa Nairobi hii, kisima cha kutegemewa kinashuka zaidi ya mita 200. Kabla mashine haijafika lazima mtaalamu apime ardhi, tupate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti ya mazingira ipelekwe NEMA. Makadirio tuliyopewa, pamoja na pampu, tangi na kuvuta stima, ni shilingi milioni 4.2. Mfuko wetu una laki sita na kidogo.

Tuseme mfadhili apatikane. Nani atanunua tokeni za stima kila wiki? Na pampu ikiungua, iko mita 180 chini. Haitolewi kwa kamba na vijana wanne, hadi uite watu wa kreni. Nimewahi kuona kisima kizuri kabisa kikikaa na kufuli miezi minane kwa sababu ya pampu tu, watu wakinunua maji ya mkokoteni mita chache kutoka hapo.

Kuna na floridi. Mawe ya chini yetu ni ya volkano, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi kuliko kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Ndiyo inayowatia watoto meno ya rangi ya kahawia. Tena, kuyachemsha maji hayo hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki. Na hatutajua kiasi chake mpaka tuwe tumeshachimba na kulipa.

Sasa chemchemi. Februari, wakati wa jua kali, tulikinga mtungi wa lita 20 ukajaa kwa sekunde 50. Aprili, baada ya mvua, sekunde 25. Nichukue hiyo ya kiangazi: ni lita 1,440 kwa saa, karibu lita 34,500 kwa siku. Sisi ni nyumba 280. Kila nyumba ikichukua mitungi mitano ni lita 28,000. Yanatosha, ila kwa shida kidogo, na kwa sharti kwamba tujenge tangi la lita 10,000 kukinga ya usiku, ambayo sasa yanakwenda mtoni bure.

Kazi yenyewe tunaiweza. Tunafukua mpaka jicho la maji, tunapanga mawe, tunafunika kwa udongo wa mfinyanzi, tunajenga ukuta na kutoa bomba. Juu yake tunachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua, kisha tunazungushia ua ili ng'ombe wasikanyage. Hakuna stima. Makadirio ni laki tano na nusu, tukitoa mikono yetu.

Lakini nisiwafiche. Juu ya chemchemi kuna vyoo vya shimo vitatu, kimoja hakifiki mita 30 kutoka kwenye maji. Sampuli tuliyopeleka maabara ilirudi na vijidudu vya kinyesi. Ukuta mzuri hauzuii kinyesi kinachopenya ardhini kutoka juu. Vyoo hivyo visipohamishwa, tutakuwa tumejenga bomba safi la maji machafu, na hapo mimi nitakipigia kisima kura. Wenye ploti hizo wamo humu ndani, nawaheshimu, na sitawataja. Laki sita zetu hazitoshi chemchemi pamoja na vyoo vitatu vipya, kwa hiyo nao wachangie.

Kupanda mlima kutabaki. Akina mama waliniambia wazi, na mmoja akauliza kama mimi nimewahi kuubeba huo mtungi. Sijawahi. Pampu ndogo ya jua ya kusukuma maji mpaka kwenye kona ya barabara inawezekana mwakani, tukishaona maji yamekuwa safi.

Ombi langu ni moja, Bwana Mwenyekiti. Leo tusipige kura ya kisima wala chemchemi. Tuwape wenye ploti siku 30 za kukubaliana nasi kuhusu vyoo. Wakikubali, mafundi waanze kufukua kabla ya mvua za Oktoba. Wakikataa, nitaleta hapa barua ya kuomba kibali cha kuchimba, na mama mweka hazina atuambie zile milioni tatu na nusu zaidi tutazitafuta wapi.