Chenji iliyobaki kwenye droo: kisa cha kujadili kwenye kikundi

Mmoja asome kisa kwa sauti mpaka mwisho, msianze kubishana katikati.

Jioni, duka limejaa, mwenye duka na kijana wake wa kazi wako wawili tu na foleni imefika mlangoni. Mama mmoja ana mtoto mgongoni, anatoa noti ya 1000. Mwenye duka macho yako kwa mteja anayefuata, anadhani ni ya 500, anamrudishia chenji ya 500. Mama anakunja hela bila kuhesabu, anaondoka.

Foleni ilipoisha bosi anapanga noti kwenye droo, anaikuta ile ya 1000 katikati ya za 500. Noti kubwa jioni hiyo ilikuwa hiyo hiyo moja kwa hiyo anajua kabisa ni ya nani. Anatoka nje kuangalia, mama hayupo.

Kijana anamwambia, “Bosi achana nayo, si kibao kinasema hesabu chenji kabla hujaondoka? Na yule jamaa tuliyemzidishia juzi, kwani alirudi?”

Bosi anacheka, ila anachukua 500 anaiweka kwenye bahasha, juu anaandika “mama mwenye mtoto”. Hapa wengi tungeshampigia makofi, shida ni kwamba kisa hakijaisha.

Kesho yake msambazaji analeta mzigo, hela haitoshi, bosi anafungua bahasha anajazia, anajiambia jioni nairudisha. Jioni mauzo yakawa mabaya, ikapita. Siku ya tatu mama huyo hapo. Ananunua vitu viwili vitatu, safari hii anahesabu chenji yake taratibu, anarudia tena kuhesabu, hasemi neno. Kijana anamtazama bosi. Bosi anasema, “Karibu tena mama.” Mama anaondoka.

Maswali (msilazimishe kuyamaliza yote, la 2 na la 3 ndo penye nyama)

1. Pale anapotoa chenji pungufu bila kujua, ana kosa gani? Dakika chache tu hapa, mimi naona hana zaidi ya haraka.

2. Kuanzia anaiona noti mpaka “karibu tena mama”, ni wakati gani hasa bahati mbaya inageuka kuwa dhuluma? Alipoiona? Alipofungua bahasha? Aliponyamaza? Kila mtu achague sehemu moja na aitetee, wale wa “zote” wabanwe. Wapo watakaoleta maandiko na ni sawa, Methali 11:1 inakemea mizani ya udanganyifu na Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawaonya wanaopunja vipimo, ila anayesemwa humo ni yule anayepunja makusudi. Huyu hakukusudia mwanzoni. Je siku ya tatu bado tunaweza kusema hakukusudia?

3. Hoja ya kijana ina vitu viwili vimechanganywa, vitenganisheni. Kibao kina maana pale mteja anaporudi anadai na hakuna anayejua ukweli, sasa hapa anayejua ukweli ni mwenye kibao mwenyewe, kibao kinamsaidiaje? Halafu huyo jamaa wa juzi: kwa nini mama alipie hela iliyochukuliwa na mtu mwingine kabisa? Akitokea wa kusema “kosa la mteja kutohesabu”, mwambieni sheria za nchi nyingi zinataka hela iliyokufikia kimakosa uirudishe, hata kama aliyezembea ni mwenye hela.

4. Mwanafalsafa Immanuel Kant mwaka 1785 alitoa mfano wa muuza duka ambaye bei yake ni moja kwa wote, hata mtoto hapunjwi, lakini anafanya hivyo kwa sababu biashara inamlipa. Kwa Kant tendo ni sahihi ila sifa ya maadili halina. Sasa bosi angemrudishia mama kwa kuwa tu kaona anahesabu mara mbili na anaogopa kumpoteza, mngemhesabia? Na mama mwenyewe anajali sababu, au anataka hela yake basi?

5. Kijana ameona kila kitu na mshahara unatoka kwa bosi. Amwambie mama? Na siku bosi akikuta droo pungufu, atamfokea kijana kwa mdomo gani?

6. Igizo. Mama yuko hatua kumi nje ya mlango. Mmoja awe mama, mmoja awe bosi, amuite na aseme maneno yenyewe, siyo “ningemweleza kwamba”. Bahasha ni tupu ila droo ina hela. Wengi wataanza na “samahani mama nilisahau”, na hakusahau, kwa hiyo msimamisheni aanze upya mpaka apate sentensi ambayo ni ya kweli na mama anaweza kuisikiliza hadi mwisho.