Pendekezo la kugawana bili ya umeme na maji

Majirani wapendwa,

Vyumba vyetu vitano vinatumia mita moja, na kila mwezi tunagawa bili sawa kwa sawa. Naona hilo linamwumiza anayeishi peke yake na taa moja, huku wengine tukiwa na friji na pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula uniti nzima. Taa ya wati 10 huchukua saa 100 kufika hapo.

Kwa umeme, naomba kila chumba kiwekewe mita ndogo na fundi mwenye leseni, na tumwombe mwenye nyumba achangie. Mwisho wa mwezi tusome mita zote pamoja, mchana, kila mmoja akiona. Kila chumba kilipe kwa uniti zake. Tofauti kati ya mita kubwa na jumla ya mita ndogo ni taa za nje na pampu, hiyo tugawe kwa tano. Mpaka mita zifungwe, chumba chenye friji kihesabiwe mafungu mawili, kisicho nayo fungu moja.

Maji tugawe kwa vichwa. Tuko kumi na wawili, watoto wakiwemo. Mgeni akikaa zaidi ya wiki mbili ahesabiwe. Bili ikipanda ghafla, tufunge mabomba yote tuangalie mita: ikizidi kuzunguka, kuna bomba linavuja.

Tukutane Jumapili saa kumi jioni uani. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tutaisikiliza.

Jirani yenu, chumba namba 4