Ami, wateja wanauliza nazi ya kukunwa

Assalaam alaykum, shikamoo Ami.

Nakuandikia kabla hujaondoka Mombasa, maana ukishapanda basi la Mokowe simu yako haishikiki. Ulinambia nikae na daftari nyuma ya mizani, kila nikisema "hatuna" niandike. Leo ni wiki ya tatu. Nazi ya kukunwa imeulizwa mara 41.

Si kwamba nazi hatuna. Nazi zimejaa pale mlangoni, na wateja wanazitikisa sikioni, wanachagua, halafu wanauliza, "Haya, nani anikunie?" Jana baada ya Asri mama mmoja wa Langoni, yule wa deni la mchele, aliziacha mbili juu ya kaunta akenda zake. Mbuzi ya kwake imelegea meno, na binti zake wamerudi shule. Nikasema nimkunie mwenyewe. Nilipofika nusu ya kifuu nikakwangua kidole, na wateja watatu walikuwa wamesimama wananitazama.

Kwa hivyo tafuta mashine ya kukuna. Fundi mmoja huko ana ya mota iliyotumika, anataka 14,000. Nazi tutaiuza 50 kama kawaida, kukuna 10. Zikikunwa 30 kwa siku ni 300, mashine imejilipa kwa siku kama 47, stima kando. Lakini tusikune asubuhi tukaweka: kwa joto hili hadi jioni imechacha na jina letu limeharibika. Mteja achague, tuipasue mbele yake, ikiwa mbovu abadilishiwe hapo hapo. Vifuu asivyovitaka tuvikaushe. Wanaochoma udi wameanza kuviuliza, ingawa hiyo ni hela ya chai tu.

La pili ni gesi kupelekwa nyumbani, mara 17. Mtungi wa kilo 13 kuubeba kwenye vichochoro hadi Gadeni, kisha ngazi mbili, si mchezo kwa mtu mzima. Mwenye punda anayetuletea maji amekubali 50 kwa safari, 100 ikiwa ni kupandisha juu. Hapa hatutoi hela yoyote. Tunachohitaji ni kuandika namba ya simu na kutokubali gesi ya deni. Hilo la deni uniachie mimi, wewe huna uso wa kukataa.

Wavuvi wanataka barafu. Mimi sikushauri. Friza letu dogo, na stima ikikatika usiku mmoja tumepoteza barafu na maziwa pamoja.

Mafuta ya kupaka jua yameulizwa na wageni wawili. Hao wamesharudi kwao.

Ukiinunua mashine, ijaribu kwanza kwa nazi kavu, usiridhike na mlio wa mota. Na uulize meno ya akiba, Lamu sijui tutayapata kwa nani. Ramadhani ikitukuta hatunayo, wataenda kwa jirani. Nimesikia naye anaulizia.

Mwanao, dukani