Silabasi ya Dini za Ulimwengu, Kidato cha Tatu, Muhula wa Pili (shule ya sekondari ya mseto, Mbale)

Kuhusu somo

Somo hili ni la wiki 12, vipindi viwili vya dakika 40 kila wiki. Halitahiniwi na UNEB wala halichukui nafasi ya Elimu ya Dini ya Kikristo au ya Kiislamu, ambazo wanafunzi wanaendelea kuzisoma kama kawaida. Katika masomo hayo darasa hugawanyika kufuata imani. Katika hili hukaa pamoja, Mkristo na Mwislamu kwenye dawati moja, nao wote huchunguza dini zao na za wengine kwa kipimo kimoja.

Mwalimu hafundishi kuamini wala kutoamini. Katiba ya mwaka 1995 inasema katika Ibara ya 7 kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na Ibara ya 29 inalinda uhuru wa kuabudu. Somo linasimama juu ya misingi hiyo. Kanuni inayoongoza kila kipindi na kila alama ni moja: maelezo ya dini yoyote hayakubaliki mpaka mfuasi wake mwenye ujuzi akiyasoma aweze kusema, "Naam, hao ni sisi." Kukubaliana naye ni jambo jingine, na hakuna atakayedaiwa hilo.

Matokeo ya ujifunzaji

Mwisho wa muhula mwanafunzi ataweza kueleza imani kuu, maandiko au masimulizi, na ibada za dini nane. Kutofautisha yale ambayo dini inayafundisha na yale ambayo wafuasi wake wa mahali fulani huyatenda. Kueleza jinsi dini hizo zilivyofika au zilivyokua Uganda, akitaja miaka na watu. Kumhoji mtu wa imani nyingine kwa adabu na kuandika majibu yake bila kuyapotosha. Na kulinganisha dini mbili katika suala moja bila kuifanya mojawapo kuwa rula ya kuipimia nyingine. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, ndiyo maana limepewa alama nyingi.

Mada za kila wiki

*Wiki ya 1.* Dini ni nini, na kwa nini kila tafsiri huacha watu fulani nje. Darasa linaafikiana juu ya namna ya kuuliza na namna ya kukataa kujibu.

*Wiki ya 2 na 3.* Dini za jadi za Kiafrika. Tunaanza nazo kwa sababu ndizo zilizokuwapo, na kwa sababu ndizo zinazodharauliwa upesi darasani. Tutamtazama Ruhanga, Mungu Muumba wa Wanyoro, na lubaale, miungu ya Baganda, hasa Mukasa wa ziwani. Tutachunguza makaburi ya Kasubi, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 na kuungua mwaka 2010, na kuuliza kwa nini moto ule uliwauma watu kuliko hasara ya jengo. Kisha tutarudi nyumbani kwetu Bugisu: imbalu, tohara inayofanyika katika miaka shufwa. Mwanafunzi atamuuliza mzee wa ukoo wake ni wapi mababu wanatajwa katika sherehe hiyo. Asiye Mgisu atamuuliza mzee wa kwao kuhusu sherehe ya kwao.

*Wiki ya 4 na 5.* Uyahudi: agano, Torati, Sabato na Pasaka. Hapa tuna bahati ambayo shule nyingi hazina, kwa kuwa jumuiya ya Abayudaya iko Nabugoye, nje kidogo ya mji wetu. Historia yake inaanza na Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyefanya kazi na Waingereza, akawa Mprotestanti, kisha mwaka 1919 akaamua kufuata sheria ya Musa. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, wachache waliobaki waliendelea kwa siri. Ziara itafanyika Jumatano, kamwe si Jumamosi, kwa kuwa kuandika ni miongoni mwa kazi zinazokatazwa siku ya Sabato na wageni wenye kalamu mkononi wangewatia wenyeji katika hali ngumu. Wavulana watafunika vichwa ndani ya sinagogi. Picha hazipigwi bila ruhusa.

*Wiki ya 6.* Ukristo. Wengi wanaufahamu, hivyo tutakwenda haraka: Mtaguso wa Nikea wa 325, mgawanyiko wa 1054, Matengenezo ya 1517, kisha wamisionari wa Kianglikana waliofika Buganda mwaka 1877 na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Tutakaa zaidi Namugongo, 3 Juni 1886, ambako Waanglikana na Wakatoliki waliuawa pamoja na leo wanakumbukwa katika maeneo mawili tofauti.

*Wiki ya 7.* Uislamu: Hijra ya 622, nguzo tano, Sunni na Shia. Uislamu ulifika katika kasri la Kabaka Suuna II mwaka 1844 kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Waislamu waliouawa katika enzi ya Mutesa I walitangulia wafia dini wa Namugongo, jambo ambalo wanafunzi wengi hawajawahi kulisikia.

*Wiki ya 8.* Uhindu: Veda, dharma, karma, na nafasi ya murti, yaani sanamu takatifu, katika ibada. Tutagusia wajenzi wa reli, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na mahekalu waliyoyaacha.

*Wiki ya 9.* Ubudha: Siddhartha Gautama, kweli nne na njia yenye sehemu nane.

*Wiki ya 10.* Masingasinga na Wabahai. Guru Nanak, aliyezaliwa 1469, na jiko la langar ambamo kila mtu hula sakafuni sawa na mwenzake. Bahaullah na hekalu la pande tisa katika kilima cha Kikaaya, Kampala, lililofunguliwa mwaka 1961.

*Wiki ya 11.* Kifo na mazishi katika dini zote nane. Waislamu na Wayahudi huharakisha maziko na kumvika maiti sanda ya kawaida. Wahindu kwa kawaida huchoma maiti. Kwingine matanga huchukua siku kadhaa. Mwalimu ajue mapema nani darasani amefiwa karibuni.

*Wiki ya 12.* Mtihani, na kurudishiwa madaftari.

Tathmini

Jaribio la wiki ya 6 lina alama 15, nalo hupima ufahamu wa istilahi na miaka tu. Daftari la uchunguzi lina alama 35. Kila ukurasa wake una safu tatu: nilichokiona, nilichoambiwa, ninachodhani. Mwanafunzi anayeandika "Wayahudi wa Nabugoye wanampenda sana Kakungulu" katika safu ya kwanza hapati alama, kwa kuwa upendo hauonekani kwa macho. Akiandika nani alisema hivyo, katika safu ya pili, anapata.

Mahojiano na mtu wa imani nyingine yana alama 20. Maandishi yake husomwa kwanza na mhojiwa mwenyewe, ambaye ana haki ya kusahihisha. Masahihisho hayampunguzii mwanafunzi alama, bali kuyapuuza ndiko kunakompunguzia.

Mtihani wa mwisho una alama 30 na maswali mawili. Mfano wa swali la ulinganishi: "Eleza jinsi Mwislamu na Mbudha wanavyoelewa chanzo cha mateso, kisha onyesha suala moja ambalo hawalitazami kwa namna moja hata kidogo." Jibu linalosema Waislamu humwabudu Muhammad, au kwamba Wahindu huabudu jiwe, hupoteza nusu ya alama za swali hata kama mengine yote ni sahihi, kwa sababu limeanguka katika kanuni ya msingi. Hakuna swali litakalomtaka mwanafunzi aseme dini ipi ni ya kweli.

Mzazi asiyetaka mtoto wake aingie katika nyumba ya ibada ya wengine atamwandikia mwalimu kabla ya wiki ya 4. Mtoto huyo atamhoji mgeni atakayealikwa shuleni, kwa alama zilezile. Daftari linakusanywa Ijumaa ya wiki ya 11 kabla ya saa kumi jioni, na kila siku ya kuchelewa hupunguza alama mbili, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba.