Karibu Nyumba ya Barazani

Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja

Mgeni wetu mpendwa,

Karibu, na pole kwa safari. Tunajua kwamba kazi ya kwanza ya mgeni wa siku hizi, hata kabla ya kufungua begi, ni kuwaarifu watu wa nyumbani kwamba amefika salama, kwa hiyo tumeona ni vyema tuanze na mtandao, na mengine uyasome baadaye ukiwa umeshaoga na kunywa chai.

Jina la mtandao:

```
BARAZANI-WAGENI
```

Neno la siri:

```
chai4tangawizi
```

Neno la siri huandikwa kwa herufi ndogo tupu, bila kuacha nafasi, na kilichomo katikati ni tarakimu 4. Baadhi ya simu hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila mwenyewe kutambua, na hapo mtandao hukataa. Ukikataliwa, itazame herufi hiyo kwanza. Kwenye paa, tunaponywea chai ya asubuhi, kuna mtandao wa pili unaoitwa BARAZANI-JUU, ambao hutumia neno la siri hilohilo. Mitandao yote miwili haina malipo ya ziada.

Tunaona ni haki ukajua mapema namna mtandao huu unavyofanya kazi, ili usidhani simu yako imeharibika. Nyumba hii, kama zilivyo nyingi za Mji Mkongwe, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kuta zake zina unene unaozidi nusu mita. Kuta hizo ndizo zinazokupa ubaridi mchana wakati nje jua linachoma, na kuta hizohizo ndizo zinazolizuia wimbi la waifai lisipite. Chombo cha mtandao kimewekwa ukumbini, ghorofa ya chini, na cha kulisukuma wimbi mbele kipo penye ngazi ya ghorofa ya pili. Kwa hiyo chumba ambacho mlango wake unatazama ngazi hupata mtandao mzuri, na chumba namba 5 na namba 6, vilivyo nyuma ya kuta mbili, huupata kwa shida mlango ukiwa umefungwa. Wageni wa vyumba hivyo viwili tunawaomba radhi mapema. Mezani karibu na ngazi tumeweka kiti, taa na soketi kwa ajili yao, na mwenye mkutano wa kazi kwa njia ya video atutaarifu ili tumfungulie sebule ndogo, ambako wimbi ni imara na hakuna mpita njia.

Simu yako ikiwa na uwezo wa kuchagua kati ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, chagua 2.4 ukiwa chumbani, kwa kuwa hupenya ukuta kwa urahisi zaidi, na 5 ukiwa ukumbini karibu na chombo, kwa kuwa ndiyo yenye kasi. Laini yetu ni ya megabiti 20 kwa sekunde na hugawanywa kwa vyumba saba. Filamu moja yenye picha safi huchukua takriban megabiti 5, kwa hiyo vyumba vinne vikitazama filamu kwa wakati mmoja, cha tano hakitabakiwa na kitu hata cha kutuma ujumbe. Tunakuomba mafaili makubwa, kama vile video za harusi, uyapandishe usiku baada ya saa 5, wakati wengi wamelala.

Umeme ukikatika, chombo cha mtandao huendelea kwa betri kwa muda wa saa tatu hivi, ilhali viyoyozi na hita za maji husimama, na betri hiyohiyo huwasha taa za ngazi. Mtandao ukionekana umeunganika lakini haufungui kitu, futa jina lake kwenye simu yako, kisha uunganishe upya. Ukishindwa, gonga mlango wa kwanza kushoto unapoingia, iwe mchana au usiku. Tafadhali usikiguse chombo chenyewe. Kuna mgeni mmoja aliyekuwa na nia njema, akaingiza pini kwenye kitundu cha nyuma akitaraji kukiwasha upya, kumbe kile kitundu hufuta kila kitu, na nyumba nzima ikakaa siku mbili bila mtandao hadi fundi alipopatikana.

Neno la siri ni la waliolala humu. Vijana wanaokaa barazani jioni ni watoto wa mtaa na ni watu wema, lakini watakuomba, na tunakuomba uwakatalie kwa upole na kuwaelekeza kwetu. Laini imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, linalofanywa kupitia laini hiyo linaweza kumrudia yeye kabla ya mwingine yeyote.

Sasa taratibu za nyumba, ambazo si nyingi. Saa zote zilizotajwa katika kadi hii ni za Kiswahili, yaani saa 1 asubuhi ni baada tu ya jua kuchomoza. Tunasema hivi kwa sababu wapo waliokuja kunywa chai saa 7 mchana wakiamini wamewahi.

Viatu huvuliwa penye ngazi, juu ya jamvi. Huu ni ustaarabu wetu, lakini pia ngazi ni za mbao za zamani na kila hatua ya kiatu kigumu husikika hadi chumba cha mwisho. Chai ya asubuhi huandaliwa paani kuanzia saa 1 hadi saa 4. Kuna mandazi, mayai, matunda ya msimu, na siku ya Ijumaa vitumbua. Mwenye kusafiri kwa boti ya asubuhi mapema atuambie usiku wake, naye atafungiwa chakula. Katika mwezi wa Ramadhani chai ya asubuhi haifutwi, ila huandaliwa ukumbini badala ya paani, na daku hupatikana kwa anayefunga bila malipo yoyote. Tunachoomba ni kutokula wala kunywa njiani mchana.

Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Adhana ya alfajiri utaisikia vizuri, na asiyezoea atakuta pamba za masikio kwenye droo ya kitanda. Kwa upande wetu, tunaomba utulivu kuanzia saa 4 usiku, kwa sababu madirisha yanatazamana na ya jirani kwa upana wa kichochoro tu, na sauti ya simu iliyowekwa spika humfikia jirani kana kwamba mnazungumza naye.

Jambo la moto tunalishikilia zaidi kuliko mengine yote. Boriti na mbao za nyumba hii zimekauka kwa miaka mingi, na vichochoro vya Kiponda havipitishi gari, sembuse gari la zimamoto. Kwa hiyo hakuna kuvuta sigara ndani, hakuna kuchoma udi wala dawa ya mbu chumbani, na pasi au jiko la umeme havichomekwi kwenye soketi za vyumbani. Nguo tutakupigia pasi sisi. Anayependa udi atafukiziwa chumba chake na mhudumu wetu, ambaye hukaa na chetezo hadi makaa yazimike. Mbu tunawazuia kwa chandarua, ambacho tunakuomba ukishushe kabla ya magharibi. Vizima moto viko kila ghorofa upande wa kulia wa ngazi. Zimamoto hupigiwa 114, na polisi 112.

Maji ya bomba ni ya kuoga na kunawia. Ya kunywa yamo kwenye mtungi wa kila ghorofa, na chupa ya kioo imewekwa chumbani kwako ili uijaze, kwani hatuuzi maji ya chupa za plastiki. Tangi letu liko juu ya paa na hujazwa kwa pampu, hivyo umeme ukikatika muda mrefu na maji nayo hupungua. Ukiona bomba limekauka, lifunge, maana maji yakirudi usiku huku umelala yatashuka kwenye dari ya chumba cha chini. Chokaa na maji havipatani. Vilevile usipigilie msumari ukutani, hata mdogo wa kutundikia nguo: tumo katika eneo la urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na matengenezo ya kuta na milango huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Na tafadhali usiegemee ukingo wa roshani. Ni mzuri wa kutazama na kupiga picha, lakini uzito wa mtu ni jambo jingine.

Kwa mabibi harusi na wapambe wao, ambao tunafurahi kuwapokea kila msimu: hina na piko hazitoki kwenye shuka nyeupe. Semeni tu mapema, tutatandika shuka za rangi nzito na kuwapa kanga za kujifutia, na hakuna atakayetozwa chochote. Shuka nyeupe iliyoingia piko, kwa aliyekaa kimya, hulipwa shilingi 25,000.

Wageni wako wa mchana wanakaribishwa sebuleni na paani hadi saa 3 usiku. Vyumbani huingia walioandikwa kitabuni pekee. Pombe haiingizwi ndani ya nyumba. Utakapotoka kutembea mtaani, mabega na magoti yakifunikwa utapokewa vizuri zaidi, na kumpiga mtu picha hutanguliwa na kumwomba. Ukipotea, na kila mtu hupotea, uliza njia ya kwenda Darajani au bandarini Malindi, kisha kutoka hapo utupigie kwa namba iliyochongwa kwenye kibao cha ufunguo wako, na mlinzi atakuja kukuchukua.

Mlango mkubwa hufungwa kwa komeo saa 6 usiku. Haimaanishi usichelewe, bisha hodi kwa kile kitasa cha chuma, mara tatu bila haraka, kwa sababu mlinzi ni mtu mzima na hushuka ngazi taratibu.

Siku ya kuondoka, chumba huachwa saa 4 asubuhi, na begi unaweza kuliacha ukumbini hadi wakati wa boti bila malipo. Ufunguo, pamoja na kibao chake, uweke ndani ya bakuli la shaba lililo mezani mlangoni.

Starehe, mgeni wetu.

Mwenye nyumba na wahudumu wote